Mshahara Uliozidi: Deni Lihesabiwe Kutoka Mkononi mwa Mfanyakazi

Kampuni ililipa shilingi 720,000 kupita kiasi. Mfanyakazi alipokea 518,400. Kati ya hesabu hizo mbili kuna shilingi 201,600, na hizo ndizo zinazoamua kama ujumbe wa mwajiri wa kuomba fedha zirudishwe ni wa haki au unamtoza mtu fedha ambazo hazikuwahi kumfikia. Barua nyingi za aina hii nilizozisoma katika kazi yangu ya mishahara na mahusiano kazini haziitaji tofauti hiyo hata kwa mstari mmoja. Zinataja kiasi kilichotoka kwa mwajiri, zinakigawa kwa idadi ya miezi, kisha zinamtakia mfanyakazi ushirikiano mwema.

Nitatumia mfano mmoja nilioutunga mwenyewe, wenye mambo ambayo ofisi za mishahara huyaona kila mwaka. Karani wa stoo katika kiwanda cha kusindika vyakula mjini Morogoro analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Msimamizi wake alipokwenda likizo ya uzazi mwezi Januari, karani aliteuliwa kwa barua kukaimu nafasi hiyo hadi tarehe 31 Machi, kwa posho ya shilingi 120,000 kila mwezi. Aprili msimamizi alirudi, karani akarejea kwenye meza yake. Posho haikurejea kokote. Iliendelea kulipwa hadi Septemba, na mapema Oktoba mkaguzi wa ndani akaiona.

Kosa hili lina chanzo kinachojulikana. Posho ya kukaimu ikiingizwa kwenye mfumo wa mishahara kama malipo ya kila mwezi, na nafasi ya tarehe ya mwisho ikaachwa wazi, mfumo utailipa milele. Barua ya uteuzi ina tarehe ya kukoma, lakini barua hiyo imelala kwenye faili la ofisi ya rasilimali watu. Mtu wa mishahara hufanyia kazi fomu ya mabadiliko ya mwezi. Aprili hapakuwa na fomu, kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake ameiandika. Nasisitiza hili kwa sababu lina uzito katika lugha ya ujumbe utakaofuata. Mfanyakazi hakupata nyongeza ya ghafla mwezi Aprili ambayo ingemshtua. Meseji ya benki ilisoma kiasi kilekile alichokizoea tangu Januari. Kumwambia "ulikaa kimya" ni kumtwika ulinzi wa mfumo ambao hana hata neno la siri la kuuingia.

Sasa tuifuate posho ile ilikokwenda. Kati ya shilingi 120,000, asilimia 10 ilikatwa kama mchango wake wa NSSF, yaani 12,000. Zikabaki 108,000 za kutozwa kodi. Mapato yake yanayotozwa kodi, ukiweka posho au ukiitoa, yanabaki kati ya shilingi 520,000 na 760,000 kwa mwezi, daraja ambalo PAYE yake ni asilimia 20. Kodi ya 108,000 ni 21,600. Zilizofika benki ni 86,400. Hesabu inathibitika ukichukua hati nzima za mshahara: alipolipwa posho aliondoka na 674,400, na bila posho alistahili kuondoka na 588,000. Tofauti ni 86,400 hiyohiyo. Kwa miezi sita ni 518,400. Kati ya zile 201,600 nyingine, 72,000 ziko NSSF na 129,600 ziko TRA.

Mwajiri anayeandika "unadaiwa shilingi 720,000, tutakukata 120,000 kwa miezi sita" huenda hana nia mbaya hata kidogo. Amefungua mfumo, ameona mstari wa posho, amezidisha kwa sita. Lakini akiyapitisha makato hayo chini ya mstari wa kodi, pale yanapokaa makato ya mikopo, karani atakuwa amelipa kwa fedha zake mwenyewe kodi iliyotokana na kosa la mtu mwingine. Kuna waajiri wanaokwenda mbali zaidi, wakaongeza na mchango wao wa NSSF waliolipia posho ile. Huo haujawahi kuwa mshahara wa mfanyakazi kwa namna yoyote.

Kosa la pili halionekani kwenye hesabu ya deni, linaonekana kwenye hesabu ya nyumba. Mwezi Juni karani alikopa SACCOS ya kazini. Afisa mikopo alitazama hati ya mshahara yenye 674,400 akampangia marejesho ya 110,000 kwa mwezi, yanayokatwa moja kwa moja. Tangu hapo mkononi alikuwa akibaki na 564,400. Oktoba, posho ikikoma, anashuka hadi 478,000 kabla hajakatwa hata shilingi moja ya deni jipya. Hapo ndipo waandishi wengi wa ujumbe huu hujikwaa. Wanadhani maisha ya mtu yanashuka kwa kiasi cha makato, kumbe yanashuka mara mbili: kwanza fedha iliyozidi inakoma, halafu marejesho yanaanza. Ukimkata 86,400 kila mwezi, kwa hoja kwamba ndicho kiasi alichokuwa akizidishiwa, atabaki na 391,600. Ndani ya mwezi mmoja au miwili mtu huyu amepoteza 172,800 kutoka bajeti ambayo aliipanga kwa kutazama karatasi uliyompa wewe mwajiri.

Kwa sababu hiyo ujumbe wa kwanza kabisa, kabla ya barua yoyote ya deni, ni wa kumwarifu kwamba mshahara wa Oktoba utakuwa mdogo. Uende mara kosa linapogunduliwa, na uende kwa mdomo. Afisa amwite pembeni, si mbele ya wenzake wala kwenye kundi la WhatsApp la idara: "Dada, karibu ukae. Tumegundua kosa letu kwenye mshahara wako. Posho ya kukaimu ilipaswa kukoma Machi, sisi hatukuiondoa. Mwezi huu haitakuwepo, na nimetaka uijue leo ujipange. Hiyo iliyokwisha kulipwa tutaizungumza, na hakuna kitakachokatwa kabla hatujaelewana." Mazungumzo ya dakika tano kama hayo humwokoa mtu asiandike ahadi nyingine kwa kutegemea fedha ambayo haipo.

Sheria inasema nini? Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaanza kwa kukataza. Mwajiri hakati chochote kwenye ujira isipokuwa makato yanatakiwa au yanaruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mahakama au tuzo, au mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kuhusu deni. Kifungu hichohicho kinamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe ujira, kisha kinaacha mlango mmoja wazi: malipo yaliyozidi kutokana na kosa la kukokotoa ujira huo. Basi mwajiri anayo haki ya kuomba. Ila mtu anaweza kubishana kwa hoja nzuri kama posho iliyosahaulika kwenye mfumo ni kosa la kukokotoa au ni uzembe wa utawala, na hata ikiwa ni kosa la kukokotoa, haki ya kudai bado haijawa ruhusa ya kukata kwa kasi unayoitaka. Njia iliyo salama kwa pande zote ni makubaliano ya maandishi, yenye sahihi iliyotolewa baada ya mtu kupewa hesabu na muda wa kuisoma.

Kifungu hicho pia kina utaratibu kwa makato ya kufidia hasara au uharibifu aliousababisha mfanyakazi: aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu, apewe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Utaratibu huo umeandikwa kwa ajili ya mfanyakazi aliyekosea. Karani wetu hakukosea. Sioni ni kwa hoja gani asiye na kosa atendewe kwa ukali kuliko aliyevunja mashine, kwa hiyo nawashauri waajiri wauchukue kama kiwango cha chini cha adabu katika jambo hili pia. Lakini wasikichukue kikomo cha robo kama mpango. Robo ya 700,000 ni 175,000. Ukiitoa kwenye 478,000 anabaki na 303,000, na bado hujavunja kikomo.

Hali ni hiyo kwa ile kanuni ya theluthi ambayo watumishi wa umma wanaijua vizuri, kwamba makato yasimwache mtu chini ya theluthi moja ya mshahara. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inataja waziwazi fedha iliyolipwa kimakosa kupita ujira unaostahili kuwa miongoni mwa makato yanayoruhusiwa, na inaweka ukomo wa jumla wa theluthi mbili za ujira. Mipaka yote hii inajibu swali moja tu, ni wapi mwajiri anakuwa mvunja sheria. Haijibu kama mtoto atapanda daladala kwenda shule mwezi wa pili. Theluthi ya 700,000 ni 233,000 na ushei, na mtu anaweza kuishi juu ya mstari huo akiwa anakopa kwa jirani kila tarehe 20.

Basi makato yapangwe kuanzia 478,000. Swali la kumwuliza karani ni kiasi gani kikitoka hapo hakitamfanya akope mahali pengine, na swali la pili ni miezi ipi imekwisha kuwa na mzigo wake. Kwa familia nyingi za mijini Januari inajulikana: ada, sare, madaftari, na mara nyingi mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mpango mzuri huanza kidogo ili mtu auzoee mshahara uliokwisha kushuka, huiruka miezi mizito, kisha hupanda kwa kiwango kinachovumilika. Hiyo ndiyo maana ya kukata kwa hatua. Kugawa deni katika vipande sawa ni urahisi wa mhasibu, na mara nyingi huangusha kipande kizima juu ya mwezi ambao hauna nafasi.

Ujumbe wenyewe ningeuandika hivi, baada ya yale mazungumzo ya mdomo, kwa barua iliyokabidhiwa mkononi tarehe 10 Oktoba:

"Ndugu (jina),

YAH: POSHO YA KUKAIMU ILIYOLIPWA KIMAKOSA, APRILI HADI SEPTEMBA

Kama tulivyozungumza, uteuzi wako wa kukaimu nafasi ya Msimamizi wa Stoo ulikoma tarehe 31 Machi. Ofisi haikuiondoa posho hiyo kwenye mfumo wa mishahara, nayo ikaendelea kulipwa kwa miezi sita. Kosa ni letu. Hakuna tuhuma yoyote dhidi yako, na jambo hili halitaingia kwenye kumbukumbu zako za nidhamu.

Posho ilikuwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Baada ya NSSF 12,000 na PAYE 21,600, iliyokufikia ni 86,400. Kwa miezi sita umepokea 518,400, na hicho ndicho kiasi tunachoomba ukirejeshe. Fedha zilizokwenda NSSF na TRA tutazishughulikia sisi. Tumeambatisha hati zako za mshahara za miezi hiyo sita, na pembeni ya kila moja tumeonyesha ulicholipwa na ulichostahili.

Tunapendekeza urejeshe hivi: Novemba na Desemba mwaka huu, 25,000 kila mwezi. Januari hakuna makato. Februari hadi Novemba mwakani, 45,000 kila mwezi. Desemba mwakani, 18,400 za mwisho. Hakuna riba wala gharama yoyote.

Haya ni mapendekezo. Kama kiwango ni kikubwa kwako, tuandikie unachokiweza na miezi ya kuiruka. Hatutakudai uthibitisho wa matumizi ya nyumbani. Kama unaamini uliendelea kufanya kazi ya msimamizi baada ya tarehe 31 Machi, au unaona hesabu ina kosa, tueleze, na deni litasimama hadi tulichunguze. Unaweza kuja na kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi au mtu mwingine unayemwamini. Tunaomba jibu ifikapo tarehe 31 Oktoba. Hakuna kitakachokatwa kabla hujasaini makubaliano.

Baada ya kusaini, ukipata msiba, ugonjwa au dharura nyingine, tuarifu kabla ya tarehe 15 na makato ya mwezi huo yatasogezwa mwisho wa orodha."

Barua hii haianzi na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kwa sababu anayeisoma ameishika kwa hofu na anataka kujua mambo mawili: amefanya nini na anadaiwa ngapi. Aya ya kwanza inajibu la kwanza, ya pili inajibu la pili. Maneno "kosa ni letu" huwatia wasiwasi baadhi ya wakurugenzi, wakidhani yanaipoteza haki ya kudai. Hayaipotezi. Mlango uliotajwa kwenye kifungu cha 28 unafunguka kwa kosa la mwajiri, kwa hiyo kulitaja kosa hilo ndiyo msingi wa dai lenyewe. Mwajiri anayelificha anabaki na barua isiyoeleza kwa nini fedha irudishwe.

Sentensi inayomwalika karani kusema kwamba aliendelea na kazi ya msimamizi wengi huiona kama kumfundisha mtu ubishi. Mimi naiona ndiyo ya lazima kuliko zote. Tarehe 31 Machi iko kwenye barua ya uteuzi, lakini stoo haiendeshwi na barua. Huenda msimamizi alirudi akiwa anaondoka mapema kila siku kwenda kunyonyesha, na karani akaendelea kufunga hesabu za jioni na kupokea mizigo kwa mwezi mzima. Ushahidi wake si mgumu kuupata. Tazama hati za kupokelea mizigo za Aprili na Mei: nani alisaini sehemu ya msimamizi? Nani aliidhinisha vibali vya kutoa mali? Kuna hati ya makabidhiano, nayo ina tarehe gani? Kama sahihi ya karani imeendelea kwenye nafasi ya msimamizi hadi mwisho wa Aprili, basi mwezi huo haukuzidishwa. Posho ilistahili, na deni linashuka kwa 86,400 hadi 432,000. Mwajiri asiyezitazama karatasi hizo kabla ya kuandika anaweza kudai fedha iliyokwisha kufanyiwa kazi.

Tuseme Aprili haina mgogoro, na karani amejibu kwa kuomba jambo moja tu: Julai nayo irukwe, maana mwenye nyumba hurudi na kodi yake ya miezi sita. Ombi hilo halimgharimu mwajiri chochote zaidi ya subira. Makato ya 45,000 yataanza Februari, yataruka Julai na kumalizika Desemba, na zile 18,400 zitakatwa Februari ya mwaka unaofuata, kwa kuwa Januari imelindwa tena. Karani akiwa katika makato ya juu kabisa anabaki na 433,000. Ni kidogo kuliko 478,000, na ataihisi tofauti hiyo, lakini hakuna mwezi unaompeleka kwa mkopeshaji wa mtaani.

Sasa mwajiri atapataje zile 201,600 zilizobaki? Hapa ndipo fundi wa mishahara anapojulikana. Makubaliano na mfanyakazi yameandikwa kwa kiasi halisi cha mkononi, lakini kwenye mfumo marejesho yanaweza kuingizwa juu ya mstari wa kodi, kama kipunguzo cha malipo ghafi, badala ya kuwekwa chini pamoja na mikopo. Chukua mwezi wa makato ya 45,000. Gawanya kwa 0.72, kwa sababu katika kila shilingi ya posho senti 72 ndizo zilizomfikia. Unapata 62,500. Malipo ghafi ya mwezi huo yanakuwa 637,500. NSSF inashuka hadi 63,750. Mapato ya kutozwa kodi ni 573,750, na PAYE yake ni 20,000 za daraja la chini pamoja na asilimia 20 ya 53,750, jumla 30,750. Anachoondoka nacho, kabla ya SACCOS, ni 543,000. Hiyo ni 588,000 kasoro 45,000 kamili. Mwajiri amepunguza gharama yake ya mshahara kwa 62,500, karani ametoa 45,000, na tofauti imetoka kwenye kodi na michango ambayo awali ililipwa kupita kiasi. Ukijumlisha miezi yote, kampuni imerudishiwa 720,000 zake na karani hakutoa zaidi ya 518,400.

Njia hii ina mipaka yake. Inafanya kazi vizuri pale mapato yanapobaki ndani ya daraja moja la kodi wakati wa kuzidishiwa na wakati wa kurejesha. Kama posho ilimvusha mtu kuingia daraja la asilimia 25, kisha marejesho yakakatwa akiwa kwenye asilimia 20, mgawanyo wa 0.72 hautasawazisha, na kila mwezi utahitaji hesabu yake. Na kwa kuwa marejesho haya yanavuka mwaka wa mapato, mhasibu azungumze na ofisi ya TRA mapema, aone kama ritani za Aprili hadi Septemba zirekebishwe badala ya kushusha malipo ya miezi ijayo. Vyovyote itakavyoamuliwa, kiasi cha karani hakibadiliki. Ndiyo maana barua imesema fedha za NSSF na TRA "tutazishughulikia sisi".

Jambo jingine ni jinsi hati ya mshahara inavyosomeka. Mshahara wa msingi ubaki 700,000 kila mwezi, na kipunguzo kiwe na mstari wake wenye jina linaloeleweka, kwa mfano "marejesho ya posho ya kukaimu, 3 kati ya 13", na salio chini yake. Nimeona mifumo inayoupunguza mshahara wa msingi wenyewe, na madhara yake huonekana baadaye, pale likizo, malipo ya kuachishwa kazi au maombi ya mkopo yanapokokotolewa kwa mshahara ulioshuka. Makato ya mwisho yakishatoka, karani apewe barua fupi kwamba hadaiwi tena.

Itakuwaje akikataa kusaini? Mwajiri ajiulize kwanza kama amekataa deni au amekataa kiwango, maana majibu yake ni tofauti. Aliyekataa kiwango anahitaji kikao kingine na mpango mrefu zaidi. Aliyekataa deni anahitaji kuonyeshwa karatasi za stoo, na zikishindwa kuwaelewanisha, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60. Hapo ndipo barua ya tarehe 10 Oktoba itakaposomwa na mtu wa tatu. Kilicho hatari ni kukata kwanza na kujadiliana baadaye. Mwajiri aliyekata Oktoba bila sahihi amegeuka kutoka mwenye dai kuwa mdaiwa, na hata kama posho kweli ilizidi, ataanza kujieleza kwa makato yake.

Kipengele kinachobaki ni cha kuondoka kazini, na waandishi wengi hukimaliza kwa mstari mmoja: "ukiacha kazi, salio lote litakatwa kwenye mafao yako." Tuseme karani anapata kazi kwingine na anaondoka mwishoni mwa Juni. Atakuwa amekatwa 25,000 mara mbili na 45,000 mara tano, jumla 275,000, na salio ni 243,400. Mshahara wake wa mwisho baada ya SACCOS ni 433,000 kama umekatwa kawaida, na wiki hizo ndizo za kuhama na kulipia kodi ya Julai. Kulichukua salio lote siku ileile ni kubomoa mpango wote uliojengwa tangu Oktoba. Makubaliano yaseme badala yake kwamba salio litaendelea kulipwa kwa kiwango kilekile cha 45,000 kwa mwezi kupitia benki au simu, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe achague kulitoa kwenye malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na kwamba cheti chake cha utumishi atakipata siku ya kuondoka bila kusubiri salio hilo liishe.